Misuli kukaza na miguu kuvimba mimba ikiwa kubwa: mwongozo kamili wa kutambua donge la damu mapema

Siku ya kliniki mama mwenye mimba kubwa hueleza mengi: mtoto anavyocheza, kiungulia, usingizi wa mang'amung'amu. Kisha akiwa ameshainuka, kadi mkononi, ndipo hukumbuka: "Halafu nesi, huu mguu nao unanisumbua." Mimi ni mkunga, na neno hilo la mlangoni huwa namrudisha mama kitini kwa ajili yake. Mara nyingi sana ni misuli inayokaza usiku au uvimbe wa kawaida, na mama huenda zake akiwa ametulia. Mara chache huwa ni damu iliyoganda ndani ya mshipa wa mguu. Katika wajawazito 1,000 hupatwa mmoja au wawili hivi, tukihesabu kipindi cha mimba pamoja na wiki za baada ya kujifungua. Ni wachache, lakini donge hilo likichomoka na kusafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua kwa muda mfupi, na ndiyo maana nataka kila mama ajue kuupima mguu wake mwenyewe.

Kwa nini miguu, na kwa nini miezi ya mwisho

Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa kupanda. Inasukumwa na misuli ya shavu la mguu kila unapopiga hatua, kisha inapita nyongani na kuingia kwenye mshipa mkubwa uliolala kando ya uti wa mgongo, upande wa kulia. Mfuko wa uzazi wa mimba ya miezi minane unaikandamiza mishipa hiyo. Wakati huohuo maji ya damu yameongezeka karibu nusu ya yale uliyokuwa nayo kabla ya mimba, na homoni zimeilegeza mishipa ikatanuka. Damu inapanda polepole, maji yanachuruzika kutoka kwenye mishipa midogo na kutuama vifundoni. Huo ndio uvimbe wa jioni.

Kuna jambo la tatu, na ndilo linaloleta hatari. Mwili wa mjamzito huifanya damu iwe rahisi kuganda, ili siku ya kujifungua mama asivuje damu kupita kiasi. Ni kinga nzuri kwa siku ile, lakini kwa miezi kadhaa unakuwa na damu iliyo tayari kuganda inayotembea taratibu kwenye mishipa iliyobanwa.

Donge la damu la wajawazito lina upande linaoupenda, nao ni mguu wa kushoto. Ndani ya nyonga, mshipa unaorudisha damu ya mguu wa kushoto unapita chini ya ateri inayoelekea mguu wa kulia, hivyo unabanwa mara mbili: na ateri kwa juu, na uzito wa mimba. Sehemu kubwa ya madonge ya wajawazito hutokea kushoto. Na mara nyingi huanzia juu, kwenye paja au nyonga, si kwenye shavu la mguu kama inavyokuwa kwa watu wengine. Hapo ndipo wengi hupotea, maana wanasubiri maumivu ya shavu la mguu wakati mwili unalalamika kinenani.

Misuli ikikaza usiku

Kukaza kwa misuli kuna tabia yake. Kunakuja ghafla, mara nyingi usiku au alfajiri, pengine ulipojinyoosha tu kitandani ukavichongoa vidole vya mguu. Shavu la mguu linakuwa gumu, unaweza kuligusa na kulihisi fundo. Maumivu ni makali kiasi cha kulia, lakini baada ya sekunde kadhaa au dakika chache yanaachia. Sehemu ile inaweza kubaki na uchovu kesho yake, kama mtu aliyepanda mlima. Mguu hauvimbi kwa sababu ya misuli kukaza.

Ikikubana, usivichongoe vidole. Nyoosha goti, kisha vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, kisigino kikisukuma mbele. Tumbo likikuzuia kuvifikia, pitisha kanga chini ya unyayo, shika ncha zake mbili na uzivute taratibu, au mwenzako akusukumie unyayo kwa kiganja. Njia nyingine ni kushuka kitandani na kusimama, unyayo wote ukiwa sakafuni, mikono ukutani, huku ukiinama mbele kidogo bila kuinua kisigino. Shikilia hadi misuli iachie, nusu dakika hivi. Baada ya hapo kitambaa chenye joto na kutembeatembea chumbani husaidia.

Kwa mama ambaye misuli humbana karibu kila usiku, mimi huanza na zoezi lile la ukutani kabla ya kulala: mara tatu kila mguu, nusu dakika kila mara. Pia blanketi au shuka lisichomekwe kwa nguvu miguuni, maana linavisukuma vidole chini usiku kucha.

Kuhusu vidonge, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu huduma za wajawazito unaruhusu magnesi au kalsiamu kwa tatizo hili, kulingana na anachopendelea mama na kinachopatikana. Tafiti za magnesi zimetoa majibu yanayopingana, kwa hiyo nisikuahidi muujiza. Wengine wanapata nafuu, wengine hawaoni tofauti. Muulize mhudumu wako kabla ya kununua, na ukipewa kalsiamu usiimeze pamoja na vidonge vyako vya kuongeza damu, kwa kuwa kalsiamu huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Acha saa kadhaa katikati. Kwinini, ambayo watu wa zamani waliitumia kwa misuli inayokaza, isiguswe kwa kazi hiyo ukiwa mjamzito.

Naomba pia uzingatie dawa moja ambayo naikuta sana kwenye mikoba ya kina mama: diklofenaki. Mguu unauma, mtu anakwenda duka la dawa, anauziwa diklofenaki au ibuprofeni. Katika miezi ya mwisho dawa za jamii hiyo zinaweza kuufanya mshipa muhimu karibu na moyo wa mtoto ujifunge kabla ya wakati, na zinapunguza maji yanayomzunguka. Kwa maumivu tumia parasetamoli, na ikiwa mguu unauma kiasi cha kuihitaji siku ya pili mfululizo, mguu huo unahitaji kuangaliwa.

Uvimbe wa kawaida

Uvimbe wa kawaida ni wa miguu yote miwili, unakaribiana ukubwa, hauumi, na unakwenda na saa. Asubuhi viatu vinaingia, jioni havifungi. Mama aliyesimama sokoni au darasani kutwa nzima, au aliyekaa siku ya joto la Machi pale Tanga, atavimba zaidi. Ukibonyeza juu ya muundi kwa kidole gumba kwa sekunde tano kishimo kinabaki kidogo, kisha kinajaa. Kwa wanaovaa kikuku, chenyewe ni kipimo kizuri: asubuhi kinazunguka, jioni kimebana. Kikianza kubana mguu mmoja tu, au kimebana hata asubuhi, hiyo ni habari nyingine.

Kinachoupunguza ni kuisaidia damu kupanda. Lala kwa ubavu wa kushoto, ili mimba isiukandamize ule mshipa mkubwa wa kulia, na uweke miguu juu ya mito ipite usawa wa moyo, nusu saa mara mbili au tatu kwa siku. Kuikalisha juu ya kigoda kunasaidia kidogo tu, maana bado iko chini ya moyo. Ukiwa umekaa, inua na kushusha nyayo mara 20 au 30 kila baada ya muda; ni ule msukumo wa misuli ya shavu la mguu unaofanya kazi. Soksi ndefu za kubana huvaliwa asubuhi kabla hujashuka kitandani, maana ukizivaa jioni unafungia uvimbe ndani. Na kwa walio karibu na maji, kusimama au kutembea ndani ya maji yaliyotulia yakifika kifuani, ukiwa na mtu pembeni, kunapunguza uvimbe kweli, kwa sababu maji yanaibana miguu pande zote.

Usipunguze maji ya kunywa kwa kudhani unajazia miguu. Na usimeze vidonge vya kukojoza ulivyoazimwa na mtu mwenye presha. Vinakukausha, na damu iliyokauka huganda upesi zaidi.

Kabla sijaliingia donge lenyewe, niseme jambo moja. Miguu yote miwili ikivimba ghafla, na hasa uso na mikono vikifuata, pete ikagoma kutoka, kichwa kikauma kisichotulia, macho yakaona nyotanyota, au ukapata maumivu chini ya mbavu za kulia, hiyo si habari ya donge. Huenda ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba. Nenda ukapimwe presha na mkojo saa hiyohiyo. Presha ya 140/90 au zaidi kwa mjamzito haisubiri tarehe ya kliniki.

Mguu unaotia shaka

Donge la damu kwa kawaida hukaa mguu mmoja. Uvimbe unaweza kuanzia kifundoni ukapanda, au mguu mzima ukajaa tangu paja. Maumivu yake hayaachii kama ya misuli: yanakuwepo mchana na usiku, yanazidi ukisimama au ukitembea, na asubuhi ukiamka bado yapo. Wengine hawasemi "maumivu" kabisa, wanasema mguu umekuwa mzito kama umefungwa mfuko wa mchanga. Wengine wanasikia kinenani, kwenye tako, chini ya tumbo upande mmoja au kiunoni, na kwa kuwa ni wajawazito wanaambiwa, au wanajiambia, kuwa ni nyonga zinafunguka.

Vitabu vinataja wekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu haujitokezi waziwazi, na nimeona mama akirudishwa nyumbani kwa sababu mguu "haujabadilika rangi". Tafuta vitu vingine: ngozi imevutika na kung'aa kuliko ya mguu wa pili, imekuwa nyeusi zaidi au na rangi ya zambarau, mishipa ya juu ya ngozi imejitokeza ambapo haikuwepo, na zaidi ya yote, joto.

Wengine wako karibu zaidi na hatari hii: aliyewahi kupata donge au ambaye mzazi, kaka au dada yake alipata, mwenye selimundu, mwenye mwili mkubwa, aliyevuka miaka 35, mwenye mapacha, aliyelazwa au kuambiwa asitoke kitandani, aliyetapika hadi kukaukiwa maji, aliyesafiri akiwa amekaa zaidi ya saa nne. Lakini usijihesabu salama kwa kuwa wewe si mmoja wa hao niliowataja. Wapo walioganda damu bila hata kimoja.

Jipime nyumbani: jicho, mkono, futi

Fanya hivi asubuhi kabla ya pilikapilika, miguu ikiwa imepumzika. Vua nguo hadi mapaja yaonekane na usimame mbele ya mtu wa nyumbani, maana wewe tumbo linakuzuia kuona. Akuangalie kwa mbele kisha kwa nyuma. Swali lake ni moja tu: miguu hii ni sawa?

Kisha mkono. Tumia mgongo wa kiganja, kwa kuwa unahisi joto vizuri kuliko vidole. Uweke kwenye shavu la mguu mmoja, mara moja uhamishie wa pili mahali palepale, kisha kwenye mapaja. Miguu yote miwili iwe imefunikwa au imefunuliwa kwa muda uleule kabla ya kupima, la sivyo uliotoka shukani utakudanganya.

Kisha futi ya fundi nguo, ile ya kitambaa. Kaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia kidogo. Chini ya pia ya goti, kwa mbele, kuna kinundu cha mfupa. Kutoka hapo pima sentimita 10 kwenda chini, weka alama kwa kalamu, na zungusha futi palepale bila kuibana ngozi. Andika. Fanya vivyo hivyo mguu wa pili, kwa sentimita 10 zilezile. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kupima "pale palipovimba" upande mmoja na popote upande wa pili. Vipimo hivyo havina maana.

Tofauti ya nusu sentimita au hata sentimita moja watu wengi huzaliwa nayo. Tofauti ikifika sentimita 2 au zaidi, na hasa mguu mkubwa ukiwa wa kushoto, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na futi ikionyesha miguu ni sawa lakini una maumivu ya upande mmoja yasiyoachia, kinenani au kwenye paja, nenda vilevile. Donge lililo juu nyongani linaweza kutangulia uvimbe.

Lile zoezi la kuukunja unyayo juu kwa nguvu na kusema "ikiuma ni donge" liache. Huuma kwa asiye na donge na hunyamaza kwa mwenye nalo.

Mguu wenye shaka usichuliwe. Hili nalisisitiza kwa sababu kwetu mguu ukiuma mkono wa kwanza kuufikia ni wa bibi au mama mkwe, na mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Wanafanya kwa upendo. Lakini donge changa limeshika kwenye ukuta wa mshipa kwa ulegevu, na kuukanda mguu huo kunaweza kulichomoa. Misuli iliyokaza na kuachia, kwenye mguu ambao umeshaangaliwa na haujavimba, chua kwa raha zako. Utaratibu ni kuangalia kwanza, mafuta baadaye.

Kisa cha mwalimu

Dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na mimba ya kwanza ya wiki 34. Alisafiri kwa basi kutoka Mwanza kuja Dar es Salaam kujifungulia kwao, siku nzima kitini, dirishani, bila kushuka sana kwa sababu ya shida ya choo; na kwa hofu hiyohiyo ya choo hakunywa maji. Siku ya pili akasikia kinena cha kushoto kinauma. Nyumbani wakasema ni safari. Siku ya tatu mguu ukawa mzito, na shangazi yake akamchua jioni mbili. Kwenye zahanati aliyopita kwanza walimpa dawa ya maumivu na kumwambia apumzike, miguu kuvimba ni kawaida ya mimba.

Aliponifikia ilikuwa siku ya tano. Alikuwa amevaa kandambili, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kamba ya kandambili ya kushoto iliyokuwa imezama kwenye ngozi wakati ya kulia imelegea. Presha yake 118/74, mkojo hauna protini. Kwa hiyo kifafa cha mimba nikakiweka pembeni. Kwa futi, shavu la mguu wa kulia lilikuwa sentimita 36, la kushoto 38.5. Mapaja, nilipoyapima sentimita 15 juu ya pia ya goti, yalitofautiana sentimita 4. Paja la kushoto lilikuwa na joto, na ngozi imekaza kama ya ngoma. Hakuwa na shida ya kupumua wala maumivu ya kifua. Nilimwandikia rufaa, vipimo vyote vikiwa juu ya karatasi, akapelekwa kwa gari.

Kule alipigwa altrasaundi ya mishipa, ile wanayoiita Dopla. Ni picha isiyo na mionzi, haimdhuru mtoto. Mpimaji hubonyeza mshipa kwa kifaa. Mshipa usio na donge hubonyea ukafungana, wenye donge hukataa. Wake ulikataa kuanzia pajani kuelekea nyongani.

Alianzishiwa sindano za enoksaparini chini ya ngozi. Dozi hufuata uzito: miligramu 1 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Yeye alikuwa na kilo 80, kwa hiyo miligramu 80 asubuhi na 80 jioni. Dawa hii haivuki kondo la nyuma kwenda kwa mtoto, ndiyo maana inachaguliwa. Warfarini, ambayo ni ya vidonge na rahisi kwa bei, huvuka na inaweza kumdhuru mtoto. Hiyo husubiri hadi baada ya kujifungua, na hapo haimzuii mama kunyonyesha. Sindano haziyeyushi donge. Zinalizuia lisikue wakati mwili wenyewe unaliondoa kwa wiki na miezi, na ndiyo sababu mguu hauponi siku ya pili na mama hapaswi kukata tamaa akaacha.

Alifundishwa kujichoma mwenyewe ubavuni mwa tumbo, na akaambiwa jambo ambalo kila mwenye sindano hizi anatakiwa kulijua: uchungu ukianza, usijichome tena, nenda hospitali na useme saa ya sindano ya mwisho. Ikiwa kujifungua kumepangwa, dozi hii kamili husimamishwa saa 24 kabla, kwa ajili ya hatari ya kuvuja damu na kwa sababu sindano ya ganzi ya mgongoni haichomwi mapema dawa ikiwa bado inafanya kazi.

Unapofika hospitali, sema hivi

Ukisema "miguu inavimba" utaambiwa ni mimba. Sema: "Mguu wangu wa kushoto umevimba peke yake tangu Jumatatu, unauma hata nikiwa nimelala, na umezidi wa kulia kwa sentimita mbili na nusu. Nina wasiwasi na damu kuganda." Kisha taja safari, kulazwa, au ndugu aliyewahi kupata. Mpe karatasi yenye vipimo.

Usishangae kama hutapewa kipimo cha damu cha kutafuta mabaki ya donge. Kwa wajawazito mabaki hayo hupanda yenyewe bila ugonjwa wowote, kwa hiyo jibu lake si la kutegemea. Daktari mwenye shaka anaweza kukuanzishia sindano kabla hata ya picha kupatikana, na anafanya vizuri. Picha ikiwa safi na mguu ukawa bado unasema vingine, isikutoshe: altrasaundi inaweza isilione donge la nyongani au lililo changa. Uliza lini urudie. Utaratibu unaofahamika ni kurudia siku ya 3 na siku ya 7.

Yapo mambo ambayo hayangoji gari la asubuhi: kukosa pumzi ghafla, maumivu ya kifua yanayochoma ukivuta hewa, kukohoa damu, moyo kwenda mbio ukiwa umetulia, kuzimia. Hapo donge limekwishafika kwenye mapafu, au tuchukulie hivyo hadi ithibitishwe vinginevyo. Mkalishe mama wima, asitembezwe, akimbizwe kwenye hospitali yenye oksijeni. Miezi ya mwisho kila mjamzito huhema akipanda ngazi. Ninachokisema hapa ni pumzi iliyokatika leo kwa mtu ambaye jana alikuwa akipumua sawasawa.

Arobaini ndicho kipindi kikali zaidi

Wengi wakishajifungua husahau mguu. Hatari ya damu kuganda kwa siku moja moja ni kubwa zaidi katika wiki sita za baada ya kujifungua kuliko wakati wowote wa mimba, na zaidi kwa aliyepasuliwa. Wiki sita ni siku 42: arobaini yetu ile ile, mzazi anapokaa ndani, akilishwa uji na supu, akikandwa kwa maji ya moto.

Sitaki arobaini ife. Chakula, usingizi na mtu wa kukushikia mtoto ni dawa. Ninachoomba ni mambo mawili. Mzazi ainuke kitandani mapema, aliyejifungua kawaida siku hiyohiyo, aliyepasuliwa mara tu wauguzi watakapomruhusu, kisha kila siku atembee uani mara kadhaa, na akiwa amelala achezeshe nyayo. La pili, anayemkanda aiangalie miguu kabla hajaigusa. Miguu yote miwili kuvimba siku chache za mwanzo ni kawaida, maji ya mimba yanatoka. Mmoja ukiwa mkubwa au wa moto, maji ya moto yawekwe kando na mama apelekwe hospitali.

Mwalimu yule alijifungua salama wiki ya 39. Hapo alikuwa na wiki tano za sindano. Kiwango ni kuendelea hadi angalau wiki sita baada ya kujifungua, na jumla isipungue miezi mitatu. Kwake wiki tano na sita ni kumi na moja tu, hivyo alimalizia wiki nane baada ya kujifungua. Mguu wa kushoto bado hujaa kidogo jioni, na huvaa soksi ya kubana akifundisha. Kwenye uzazi wa mpango ameepuka vidonge vya mchanganyiko vyenye estrojeni, kwa kuwa vinaongeza kuganda kwa damu, akachagua kijiti. Na juu ya kadi yake nimeandika kwa wino mwekundu kwamba mimba nyingine akiigundua aje kliniki wiki hiyohiyo asingoje tumbo lionekane, maana atahitaji sindano za kinga tangu miezi ya mwanzo.